Kwa mpangaji anayeingia: umeme, maji na watu wa uani kwetu Tabata

Ndugu yangu, habari za kuhama. Mwenye nyumba ameniambia unaingia mwisho wa wiki hii na kwamba kodi ya miezi sita umeshalipa. Hatujuani, lakini unakuja kulala chumba nilicholala na familia yangu, na utachangia mita ya umeme na watu niliochangia nao. Naona si haki nikukabidhi funguo tu bila maelezo. Dalali atakuwa amekuonyesha vigae, choo cha ndani na geti. Ya LUKU hakukwambia, na hayo ndiyo yatakayokukosanisha na majirani au kukupatanisha nao.

Nyumba yenyewe ni nzuri kwa bei yake. Chumba na sebule havina nyufa, paa halivuji, na mlango wa mbele una kitasa kipya. Ukuta wa nyuma wa chumba unapigwa na jua la mchana kutwa mpaka magharibi, kwa hiyo kuanzia Desemba hadi Machi chumba kinatunza joto hadi usiku wa manane. Sisi tuliweka kitanda upande wa sebule, mbali na ukuta ule, na tofauti tuliiona usiku wa kwanza. Dirisha la sebule linaingiza maji mvua ikija na upepo wa kusi, hasa Aprili. Hayapiti kwenye kioo, yanapita kwenye kona ya chini ya fremu upande wa kushoto, pale plasta ilipoachana na chuma. Usiweke godoro wala runinga pale. Mwenye nyumba anajua, na ameahidi kuziba kabla ya masika. Mkumbushe Februari, usisubiri mvua ianze. Soketi iliyo karibu na dirisha hilohilo imelegea, ukichomeka pasi inatoa cheche. Tumia ile ya karibu na mlango.

Sasa umeme.

Uani kuna kaya tatu za wapangaji na tunatumia LUKU moja. Mwenye nyumba anaishi nyumba ya mbele na ana mita yake, haihusiani na yetu. Mita yetu iko kwenye ukuta wa korido, na pembeni yake utaona mita ndogo tatu, moja kwa kila kaya. Hizo ndogo si za TANESCO, tulizifunga wenyewe kwa fundi umeme baada ya ugomvi mkubwa. Kabla ya hapo kila kaya ilikuwa inatoa elfu kumi, ikiisha inatoa tena. Vijana wa chumba cha katikati wanashinda kazini na wana taa mbili na chaja za simu. Mama wa chumba cha kona ana friza, anauza barafu na juisi. Wote wanatoa sawa. Hali hiyo haiwezi kudumu, na haikudumu.

Nitakuonyesha jinsi tunavyogawana kwa mwezi mmoja ambao ninao kwenye daftari, maana ukiielewa hesabu hii hutadanganywa na hutamtuhumu mtu bure. Mwezi ule tulinunua umeme wa shilingi 50,000 kwa awamu tatu: 20,000, tena 20,000, kisha 10,000. Ile 20,000 ya kwanza ilileta yuniti 51.9, ya pili ikaleta 56.1. Pesa ileile, yuniti tofauti. Mgeni anaweza kudhani aliyenunua amechota. Sababu ni kodi ya jengo: manunuzi ya kwanza ya kila mwezi yanakatwa shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa, ndipo kinachobaki kinageuzwa kuwa yuniti. Ile 10,000 ya mwisho ilileta yuniti 28 na ushee. Jumla tulipata yuniti 136, na kila moja ilitugharimu kama shilingi 356 pamoja na makato yake mengine.

Ukiwa umetoka kwenye nyumba ambayo mlikuwa mnapata yuniti 75 kwa shilingi 9,150, usishtuke. Ile ni ruzuku ya mtumiaji mdogo, na inakaa kwa mita ambayo haizidishi yuniti 75 kwa mwezi. Mita yetu ina kaya tatu na friza, kwa hiyo iko kwenye bei ya kawaida na haitashuka. Hakuna mtu aliyekuibia.

Mwisho wa mwezi tulisoma mita ndogo. Yangu ilikuwa 1,842 ikafika 1,880, yaani yuniti 38. Ya mama wa kona ilikula 71, ya vijana 19. Ukijumlisha unapata 128, wakati mita kubwa imekula 136. Zile nane zilizobaki ni za taa ya korido, taa ya geti na pampu ya maji, ambazo hazipiti kwenye mita ya mtu. Hizo tunagawana sawa kwa sawa. Nane mara 356 ni kama 2,850, kila kaya 950. Kwa hiyo mimi nililipa kama 14,500, mama 26,200, vijana 7,700. Pamoja na ile 1,500 ya kodi ya jengo inarudi kwenye 50,000, ikipungua kama mia moja ambazo hakuna anayezigombania.

Kodi ya jengo ni deni la mwenye nyumba, si letu, hata kama inakatwa kwenye LUKU tunayonunua sisi. Makato hayo yalipoanza Agosti 2021 yalikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi na tulinyamaza. Yalipopanda kuwa 1,500 tulienda watu watatu pamoja kuzungumza na Mzee mwenye nyumba. Hatukwenda kwa shari. Tulimpelekea risiti za meseji, akazitazama moja moja, akakubali tukate kwenye kodi ya pango. Kwa miezi sita ni 9,000 kwa mita nzima, 3,000 kwa kila kaya. Hela yenyewe ni ndogo, ila makubaliano yapo na yameandikwa kwenye daftari lake. Ukilipa kodi ya awamu ijayo, mkumbushe kwa heshima na uende na meseji zako.

Siku unayoingia, kabla hujachomeka hata chaja, piga picha mita yako ndogo na mita kubwa, halafu zitume kwenye kikundi chetu cha wotsapu. Mimi nimeacha mita ndogo ikisoma 2,031 na nimelipa hadi hapo. Chochote kilicho juu ya namba hiyo ni chako. Kila tarehe 30 mtu mmoja anapiga picha mita zote nne kwa pamoja na kuzirusha kikundini, ndipo hesabu inafanywa. Zikipigwa siku tofauti, maneno yanaanza.

Ukitaka kujua matumizi yako yatakuwaje, angalia vitu vinavyotoa joto au kugandisha. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima inakula yuniti moja. Hita ya kuchemshia maji ya kuoga ya wati 2,000 inakula yuniti moja kwa nusu saa. Feni ya wati 60 ikizunguka usiku kucha haifiki hata yuniti moja. Watu wanazima feni wakiogopa bili, halafu wanapiga pasi shati moja kila asubuhi. Sisi tulikuwa tunapiga pasi nguo zote Jumapili mara moja.

Hizo yuniti nane za pamoja ndizo nakuomba uziangalie kwa jicho kali, kuliko hata mita yako mwenyewe. Mwaka jana kuna mwezi zilifika 31. Nyumba nzima ilinuniana. Mama wa kona alisema vijana wamechomeka waya kabla ya mita. Vijana nao walisema friza ya mama imeunganishwa kwa njia ya panya. Fundi umeme alikuja akazima swichi za kaya zote tatu, akatuita tusimame mbele ya mita kubwa. Ile taa nyekundu ndogo inapepesa kadiri umeme unavyotumika. Kaya zote zimezimwa na taa inapepesa polepole tu, sawa na balbu mbili za nje. Basi waya ulikuwa mzima na hakuna mwizi. Tukakaa hapo tunabishana na fundi kuhusu malipo yake, mara taa ikaanza kupepesa kwa kasi, na nyuma ya nyumba tukasikia pampu inanguruma. Hakuna aliyekuwa amefungua bomba.

Tatizo lilikuwa kwenye maji.

Maji yetu ni ya DAWASA, yanatoka Ruvu Juu, mtambo wa Mlandizi, na kwa kawaida yanakuja kwa mgao. Presha haitoshi kupanda juu, kwa hiyo yanaingia kwanza kwenye simtanki ya lita 2,000 iliyo chini, halafu pampu inayapandisha kwenye simtanki ya lita 1,000 iliyo juu ya mnara. Ndani ya tanki la juu kuna boya: maji yakishuka linawasha pampu, yakijaa linazima. Bomba la kupandishia linaingia upande wa chini wa tanki la juu, na katikati ya njia kuna valvu inayozuia maji yasirudi. Valvu hiyo ilikuwa imeliwa na mchanga. Pampu ikizima, maji yanateremka taratibu kurudi tanki la chini, boya linashuka, pampu inawaka tena. Mchana na usiku maji yalikuwa yanapanda na kushuka, wala hayamwagiki popote, ndiyo maana hakuna aliyeona tone. Sisi tulikuwa tunaona yuniti tu zinakwenda.

Fundi bomba alibadilisha valvu siku hiyohiyo, na mwezi uliofuata tukarudi kwenye yuniti nane. Mama na vijana walichukua muda zaidi kurudi kuongea.

Kwa hiyo jifunze mlio wa pampu. Tanki likiwa limeshuka, inachukua chini ya saa moja kujaza, halafu inanyamaza. Ukisikia inawaka tena usiku wakati watu wote wamelala na hakuna choo kilichovutwa, zima swichi yake, kisha kafunge koki ya rangi nyekundu iliyo juu kidogo ya pampu. Kama tanki la juu halishuki tena baada ya kuifunga, basi ni valvu ileile imerudia ugonjwa wake. Ukikuta pampu inawaka lakini sauti yake imekuwa nyembamba, ya kukwaruza, tanki la chini limekauka na pampu inavuta hewa. Hapo zima swichi yake mara moja bila kumwuliza mtu, kwa sababu ikiendelea hivyo itaungua, na pampu ikiharibika kwa uzembe tunailipa sisi wapangaji. Ikifa kwa uzee inamhusu Mzee.

Usitegemee tanki peke yake. Mwishoni mwa Oktoba 2022 mto Ruvu ulipopungua na mgao ukawa mkali Dar es Salaam nzima, tulikaa tukinunua maji ya mikokoteni na kugombania boza. Tangu hapo kila kaya ina madumu yake ya lita 20 yamejaa uani, chini ya kivuli. Nimekuachia mawili. Yabadilishe maji kila wiki, na usichote dumu la mtu hata kama ni la kunawia mikono, omba kwanza. Bili ya maji tunagawana kwa vichwa, si kwa kaya, mtoto mdogo anahesabiwa nusu. Mgeni wako akikaa zaidi ya wiki mbili mhesabu mwenyewe kabla hujaambiwa. Na biashara ya juisi ya mama inahesabiwa kichwa kimoja cha ziada. Alikubali mwenyewe, usimfufulie mjadala huo.

Kuhusu choo chako cha ndani: ni kizuri, lakini masika shimo linajaa haraka kwa sababu ardhi ya huku ikilowa hainywi. Dalili utaisikia kabla ya kuiona. Ukimwaga maji bafuni, choo kinaguguma kama kinameza hewa, na maji ya bafuni yanaondoka kwa kusuasua. Hapo bado una siku kadhaa, mwambie Mzee aite gari la majitaka, gharama ni yake. Lakini chemba ya katikati ikiziba kwa takataka, gharama ni yetu sote, na fundi akitoa kilichoziba anakiweka hadharani kila mtu akione. Pedi, nepi na mafuta ya kukaangia vyote vipeleke kwenye mfuko wa taka.

Sasa watu.

Mama wa chumba cha kona anaamka saa kumi alfajiri. Utasikia ndoo, utasikia blenda, utasikia mifuko ya barafu inagongwa sakafuni. Atakusumbua wiki za mwanzo, baadaye utazoea. Ni mkali kwenye usafi wa uani na ana haki, kwa sababu zamu ikirukwa ni yeye anayefagia. Msalimie kwanza, shikamoo mama, kila asubuhi, hata kama jana mmekwaruzana kwenye hesabu. Mtoto wetu alipopata degedege usiku, mimi nikiwa safari, ni yeye aliyefunga khanga, akambeba mtoto na kutembea na mke wangu hadi zahanati. Kwa hiyo ukisikia mtu anamwita mchokozi, sikiliza lakini usiongezee.

Vijana wa katikati ni ndugu wawili. Mmoja ni bodaboda, anarudi saa saba au saa nane usiku, anazima pikipiki nje na kuisukuma hadi ndani. Tulikubaliana hivyo kwa ajili ya watoto na hajawahi kuvunja. Usifunge komeo la juu la geti kabla hajaingia, funga kitasa tu, yeye ndiye anayemalizia komeo. Ukimfungia nje itabidi agonge, na atakayeamka ni Mzee. Mdogo wake ni fundi wa simu, mtaratibu, na ndiye anayepiga hesabu ya umeme bila kupendelea mtu. Nakushauri umwachie kazi hiyo.

Nyuma ya ukuta kuna baa. Ijumaa hadi Jumapili muziki unapigwa mpaka usiku sana, na chumba chako ndicho kiko karibu nao zaidi. Hili dalali hawezi kukwambia. Tuliwahi kwenda serikali ya mtaa, spika zikageuzwa kuelekea barabarani, ikapungua kwa kiasi fulani. Ikirudi kama zamani nendeni kama uani mzima, mkiongozana na mjumbe. Mtu mmoja akienda peke yake anaonekana ana chuki binafsi. Na hata bila shida ya baa, nenda kajitambulishe kwa mjumbe wiki ya kwanza. Ukihitaji barua ya utambulisho kwa ajili ya benki au kitambulisho cha NIDA, atakuuliza unakaa kwa nani na tangu lini, na asiyekujua hawezi kukuandikia.

Mzee mwenye nyumba ni mtu wa maneno machache na anatunza ahadi iliyoandikwa. Ile ya mdomo anaisahau, si kwa ubaya, umri umekwenda. Ukiwa na jambo mfuate baada ya alasiri akiwa amekaa barazani, usimpigie simu, kwenye simu anajibu hapana kwa kila kitu. Ukilipa kodi, hata kama umetuma kwa simu, mwombe aandike kwenye daftari miezi inayohusika na usaini hapohapo. Akitaka kupandisha kodi anasema mapema, na ukimwonyesha kitu ulichotengeneza kwa pesa yako, anapunguza. Mita ndogo nilimwonyesha, akanikatia nusu ya gharama. Nusu nyingine nimekuachia, sikudai.

Funguo ziko tatu: ya geti, ya mlango wa mbele, na ndogo ya kisanduku cha mita. Hii ya mwisho usiipoteze, zipo mbili tu uani, nyingine anayo fundi wa simu. Namba za fundi umeme, fundi bomba na gari la majitaka nimeziandika kwa kalamu nyuma ya mlango wa kabati la jikoni. Fimbo za mapazia nimeziacha. Zamu ya kufagia uani ya chumba chako ni Jumatano, na wiki hii nimeshaifanya mimi, kwa hiyo yako inaanza wiki ijayo.